Rekebisha ratiba ya kujisomea kwa rekodi za wiki moja

Fungua daftari ulilokuwa ukiandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mada, na maswali uliyomaliza ukapata. Swali uliloliacha katikati usilihesabu, ila dakika zake zihesabu, maana ulizitumia.

Hapa kwenye skrini kuna mfano wa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, anayerudia Hisabati akitoka kazini. Alipanga saa 18 kwa wiki. Jumlisha dakika zake: 660, yaani saa 11. Hiyo ndiyo wiki yake. Umeme ulikatika siku moja, lakini siku hiyo tusiifute. Wiki ijayo nayo itakuwa na lake.

Sasa gawa dakika kwa maswali, kila mada peke yake. Takwimu, dakika 180 kwa maswali 30: dakika 6 kila swali. Logarithimu, 120 kwa 24: dakika 5. Trigonometria, 300 kwa 20: dakika 15. Zile 60 zilizobaki zilikwenda kwenye kusahihisha.

Hapa wengi huteleza, kwa hiyo tuende taratibu. Ukichanganya mada zote unapata maswali 74 kwa dakika 600, kama dakika 8 kila swali. Amebakiza maswali 120. Kwa wastani huo utamwambia zimebaki saa 16. Lakini yaliyobaki ni ya takwimu 40, logarithimu 30 na trigonometria 50. Zidisha kila mada kwa kasi yake: 240, 150 na 750. Jumla dakika 1,140, yaani saa 19. Saa 3 zilikuwa zimejificha ndani ya wastani, kwa sababu mada nzito ndiyo iliyobaki nyingi.

Ongeza kusahihisha. Dakika 60 juu ya 600 ni sehemu moja ya kumi, kwa hiyo tunafika karibu saa 21. Gawa kwa 11: wiki mbili, wakati ratiba yake ilisema wiki moja na ushee.

Usirekebishe kwa kuandika tena saa 18, daftari limeshakataa. Sogeza tarehe, na kama mtihani hausogei, punguza maswali. Mimi ningeanzia trigonometria: kutoka 50 hadi 30 kunaokoa saa 5 kamili, huku kufuta logarithimu yote kunaokoa saa 2 na nusu tu.

Angalizo kwa mada uliyofanya maswali matatu au manne: hiyo bado si kasi. Swali moja gumu la dakika 40 linaiharibu hesabu nzima. Kwa mada hiyo, na ile ambayo hujaigusa, tumia kwa muda kasi ya mada yako ya polepole zaidi, hapa dakika 15, kisha uibadilishe ukishamaliza maswali kama 10.