Goti Linauma? Panda Baiskeli, Lakini Siti Kwanza

Mambo vipi, wana mbio! Saa kumi na mbili na robo asubuhi, niko Coco na baiskeli yangu ya mtumba.

Video hii ni ya wenye goti linalouma mbele, hapa kwenye kilegesambwa, hasa ukishuka ngazi. Kama limevimba, linakwama au linakuachia ghafla, acha video, nenda kaonwe na daktari.

Pampu upepo, jaribu breki. Hayo mnayajua.

Sasa siti. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Niliiweka chini ili miguu ifike barabarani nikisimama, goti likauma kuliko nilipokuwa nakimbia! Siti ikiwa chini goti linakunjika mno, na kila ukikanyaga, kilegesambwa kinabanwa kwenye mfupa wa paja. Kwa hiyo vaa raba zako... raba, siyo kandambili, maana soli inabadilisha kipimo. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedali, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Ngoja, simu imelala... haya. Narudia: kisigino, mguu umenyooka. Ukiona kiuno kinayumba kushoto kulia, au goti linauma kwa nyuma, umepandisha mno, shusha kidogo. Na bomba la siti lisitoke kupita ule mstari uliochorwa. Siti isiwe chini, nasema tena!

Gia iwe nyepesi. Hesabu goti la kulia likipanda: mara 20 kwa sekunde 15, yaani mizunguko 80 kwa dakika. Ukihesabu 12 tu, gia ni nzito, na goti ndilo linalobeba. Hapa Barabara ya Toure upepo wa bahari ukikukabili, punguza gia, usishindane nao. Oya bajaji, pita kaka!

Anza dakika 20, sehemu tambarare, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kipimo changu ni ngazi za nyumbani kesho yake asubuhi. Siku ya kwanza nikiwa njiani maumivu yalikuwa 2 kati ya 10, asubuhi sifuri, nikaongeza dakika 5. Safari ya nne nikajitia ubishi, nikapanda Daraja la Tanzanite nimesimama, gia nzito, eti nawafukuza vijana wa baiskeli za mashindano. Asubuhi ngazi zikaniambia 4. Nikapumzika siku mbili, nikarudi dakika 20 bila daraja.

Nilipofika dakika 40 na ngazi zimenyamaza, nikaanza kukimbia dakika 1, kutembea dakika 1, mara 10. Baiskeli sikuiacha, ila kumbuka haiuzoeshi mguu kishindo cha lami, kwa hiyo pumzi itakuwa tayari kabla ya goti. Mimi binafsi huvaa saa na kuifuata, siyo pumzi.

Haya, jua linatoka, naenda kunywa dafu.