Shuka la Nyuzi 1000 Likipanda Mizanini

Wanaonifahamu wameshacheka, wanajua naanzia wapi. Ndiyo, naanzia palepale. Dada, hebu linyanyue hilo shuka walione. Pakiti yake imeandikwa kwa dhahabu: nyuzi 1000. Mwenye nyumba ya wageni aliyelinunua yuko humu ndani, na ameniomba nisimtaje, kwa hiyo msigeuke kumtafuta.

Hiyo 1000 inatakiwa kuwa hesabu ya nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, ukijumlisha na za mshindio, zile zinazozikatiza, ndani ya inchi moja ya mraba. Basi tukalifua kwanza, tukalianika hadi likakauka kabisa. Kabla ya kufuliwa lilikuwa na gramu 770, baada ya kufuliwa 720. Gramu 50 zilikwenda na maji, maana zilikuwa wanga wa kiwandani. Ndiyo ule ugumu mnaoupapasa dukani mkasema "hili zito, hili zuri". Likunjeni shuka jipya mlisugue juu ya kitambaa cheusi, mkiona unga umebaki, mjue mnauziwa uji.

Shuka lina mita 2.5 kwa 2.4, yaani mita 6 za mraba. Gawanya 720 kwa 6, unapata gramu 120 kwa mita ya mraba. Uzito huo si mbaya, unafaa joto letu. Tatizo ni pakiti. Nyuzi 1000 kwa inchi, mita moja ikiwa na inchi 39 na kidogo, maana yake kila mita ya mraba imemeza nyuzi 39,000 za mita moja moja, yaani kilomita 39 za uzi. Sasa kilomita 39 zinaingiaje kwenye gramu 120? Kila kilomita ingekuwa na gramu 3 tu! Pamba ya kusokotwa nyembamba namna hiyo ni kazi ya nadra na ya gharama kubwa, haiuzwi kwa bei ya shuka la mnadani.

Nikachukua kadibodi, nikakata dirisha la inchi moja, nikaweka tochi nyuma ya kitambaa na kuhesabu kwa ncha ya sindano. Mtande 118. Mshindio 92. Jumla 210. Rudini kwenye mizani: nyuzi 210 zinatoa kilomita 8 na robo hivi, kwa hiyo kila kilomita ina gramu 14 na nusu, uzi wa kawaida kabisa wa mashuka. Sindano na mizani vimekubaliana. Aliyebaki peke yake ni pakiti.

Najua kuna atakayesema: "Mwalimu, huenda wamehesabu nyuzi za ndani." Haya. Kuna viwanda vinavyosokota nyuzi nne nyembamba kuwa uzi mmoja, kisha vikauhesabu kama nne. Shuka la 250 likaitwa 1000. Kanuni ya upimaji inayotumika Marekani inasema uzi ni mmoja hata ukiwa umesokotwa kwa nyuzi ngapi, na mwaka 2005 maofisa wa tume yao ya biashara waliandika kwamba kuhesabu vile kunaweza kumpotosha mnunuzi. Lakini uzi wa namna hiyo huwa mnene na shuka lake huwa zito. Ukililalia mwezi wa pili Tanga, utaamka umelowa jasho. Letu hili halikuwa hata hilo. Hizo nyuzi 1000 zilifumwa na mpiga chapa.

Basi shuka baya? Hapana! Hapa ndipo watu hunielewa vibaya. Pamba yenye nyuzi 210 zilizokaa sawasawa inatosha kabisa. Kinachoamua kama litafika mwaka wa pili ni msokoto, na muda wenyewe ndio huo umenitoka.

Kwa haraka. Chomoa uzi pembeni, ushike kwa vidole viwili viwili, uufungue polepole kinyume cha msokoto. Ukigeuza mara chache tu ukaachana, msokoto wake ni legevu: laini dukani, lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa shuka huota vitonge pale magoti na visigino vinaposugua. Msokoto nao ukikaza sana, uzi unajikunja wenyewe na kitambaa kinakwaruza. Yale mashuka yanayong'aa upande mmoja mara nyingi yana msokoto mdogo, na nyuzi zake huruka juu ya nyingine kadhaa kabla ya kuzama, kwa hiyo kucha au bangili inazinasa. Ya kulalia wewe nyumbani, sawa. Ya wageni wanaobadilika kila siku, chukua ufumaji wa moja juu moja chini.

Poliesta sikuigusa, naona mwenyekiti anaangalia saa. Chomeni uzi mmoja tu: ukiyeyuka ukaacha kitonge kigumu, kuna plastiki. Mizani ipo pale mlangoni, mliokuja na mashuka yenu pangeni foleni, na yale ambayo hayajafuliwa siyapimi.