Mkanda Unaorudisha Mwanga: Mavazi ya Usiku ya Bodaboda na Mafundi wa Barabara

Mabibi na mabwana, viongozi wa vituo vya bodaboda na wasimamizi wa kazi za barabarani, asanteni kwa kufika. Makoti mawili mnayoyaona yametundikwa ukutani, yote ni ya manjano kali na kila moja lina mikanda ya kijivu kifuani na mgongoni. Kwa mwanga huu wa ukumbini hakuna anayeweza kusema lipi ni bora. Sasa naomba taa zizimwe, nami niwashe tochi hii nikiwa nimeiweka kando ya jicho langu.

Mimi niliyeshika tochi naona mkanda wa koti la kulia ukiwaka kama taa. Ninyi mlioketi pembeni hamjaona ajabu yoyote, nami nilitaka iwe hivyo. Nimkabidhi ndugu yangu huyu dereva wa bodaboda, naye aiweke kando ya jicho lake kama nilivyofanya. Anasema la kulia linawaka na la kushoto limekufa. Asogeze tochi mbali na uso wake kwa urefu wa mkono mzima; sasa hata lile la kulia limefifia sana. Taa ziwashwe, asanteni.

Hapo ndipo ilipo siri ya vazi la usiku. Kitambaa cha kawaida hutawanya mwanga kila upande, na kioo cha kujitazamia huurusha upande wa pili. Mkanda halisi wa kuakisi una shanga ndogo mno za kioo, au vipembe vidogo vya plastiki, ambavyo huugeuza mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka, katika wigo mwembamba. Macho ya dereva wa gari yako juu kidogo tu ya taa zake, kwa hiyo yumo ndani ya wigo huo. Mkanda wa koti la kushoto ni kitambaa cha kijivu chenye mng'ao wa kawaida, na mng'ao huo haubadiliki sana ukiisogeza tochi. Mkienda kununua, fanyeni jaribio hili hili mahali penye giza, hatua kumi kutoka kwenye vazi.

Na ile manjano kali je? Rangi hiyo hunyonya mionzi ya urujuanimno ya jua, ambayo macho yetu hayaioni, na kuitoa tena kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana hung'aa zaidi ya vitu vingine mchana, na hasa alfajiri, jioni na wakati wa mawingu. Taa za magari zina mionzi hiyo kidogo mno, kwa hiyo usiku rangi hiyo inabaki kuwa nguo nyeupe-nyeupe tu. Anayefanya kazi mchana na usiku anahitaji vyote viwili, lakini kikishaingia kiza anayemtetea ni mkanda.

Sasa tuchukue tukio moja. Bodaboda imesimama ukingoni mwa barabara isiyo na taa, abiria bado hajashuka, na taa ya nyuma ya pikipiki imeungua. Nyuma linakuja gari kwa kilomita 80 kwa saa, likiwa limeinamisha taa kwa sababu kuna gari jingine linapishana nalo. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 22 kila sekunde. Tukimpa dereva sekunde mbili za kuona, kutambua na kukanyaga breki, mita 44 zimekwisha kabla gari halijaanza kupungua mwendo. Kwenye lami kavu litahitaji nyingine kama 35 ili lisimame. Jumla ni karibu mita 80, na mtu aliyevaa nguo nyeusi mbele ya taa zilizoinamishwa mara nyingi hugunduliwa gari likiwa karibu zaidi ya hapo.

Dereva wetu wa bodaboda amevaa koti zuri lenye mkanda halisi. Lakini nyuma yake ameketi abiria mwenye jaketi jeusi na begi mgongoni, na kwa macho ya yule anayekuja, koti lile halipo. Limezibwa lote. Jambo hili linanisikitisha kila ninapolikuta, kwa kuwa mtu amegharamia usalama wake na bado hana usalama wowote upande ule ambao hawezi kuutazama. Sehemu za mwili wake zinazobaki wazi kwa anayetoka nyuma ni viwiko na mikono ya juu, inayochomoza kushoto na kulia kwa abiria, pamoja na miguu iliyo kwenye vikanyagio. Kwa hiyo kwa bodaboda koti lenye mikono iliyozungushiwa mikanda lina faida kubwa kuliko kizibao. Abiria naye apewe mshipi wa kuakisi wa kuvaa begani, uvuke juu ya begi na si chini yake, na helmeti yake ibandikwe mkanda kisogoni. Anayebeba boksi la mizigo abandike mkanda kwenye boksi lenyewe.

Kwa mafundi wa barabara shida ni nyingine. Wao wanazungukwa na koni, vibao na vizuizi ambavyo navyo vinaakisi, na vingi vina rangi ya machungwa. Mtu mwenye kizibao cha machungwa chenye mikanda miwili kifuani, akisimama tuli hapo katikati, anafanana na kizuizi kimoja zaidi. Isitoshe, kazi yenyewe ni ya kuinama: mkanda wa kifua unaitazama ardhi, na dereva anabaki na suruali. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba taa chache zilizofungwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani zinatosha kumfanya mtazamaji atambue mara moja kwamba yule ni binadamu. Mikanda kwenye vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono hufanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu hakuna koni inayotembea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20471 kinadai kwamba vazi la daraja la 3, lililo la juu kabisa, lifunike pia mikono au miguu; kizibao peke yake hakifiki huko.

Niseme pia pale ambapo mkanda haumsaidii mtu. Gari linalongoja kwenye njia panda linamulika mbele yake, ilhali bodaboda inatokea ubavuni. Hakuna mwanga unaoufikia mkanda, basi hakuna unaorudi. Hapo anayeonekana ni yule mwenye taa yake ya mbele inayowaka.

Mwisho ni uchakavu. Shanga za kioo zilizo wazi hupoteza nguvu zikifunikwa na utando wa maji ya mvua, vumbi au grisi, na kila ufuaji hupunguza kidogo, ndiyo maana lebo ya vazi zuri hutaja idadi ya mara za kufuliwa. Macho ya mchana hayawezi kuugundua uchakavu huu. Vazi jipya linaponunuliwa, nunueni na kipande cha mkanda ule ule, mkifungie kabatini bila kutumika. Kila baada ya wiki chache kishikizeni kando ya mkanda wa koti linalovaliwa, zimeni taa, wekeni tochi kando ya jicho, na mlinganishe. Mkanda wa koti ukionekana wa kijivu huku kipande kile kinawaka, koti hilo lisirudi barabarani usiku.