Ngiri Yako Inaweza Kungoja?

Asanteni, karibuni tukae. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanga orodha ya wagonjwa wa thieta, kwanza hospitali ya umma, baadaye ya binafsi. Leo nachukua upasuaji mmoja tu, ngiri ya kinena, kwa sababu ndio niliokuwa naulizwa kila wiki: nilipe nifanyiwe Jumanne, au nipange foleni miezi mitano?

Mimi huanza na kivimbe chenyewe kabla ya pesa. Lala chali. Kikirudi ndani chenyewe, au ukikisukuma taratibu kwa vidole, na maumivu ni madogo, mara nyingi una muda. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume wa namna hiyo: waliopata dharura ya ngiri kunasa hawakufika 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Lakini karibu robo yao waliomba upasuaji ndani ya miaka miwili, hasa kwa maumivu. Kwa hiyo kungoja hakukuui, ila kunaweza kukuchosha.

Kina mama, sikilizeni hapa. Wanaume wale hawawasemei ninyi. Kivimbe kikiwa chini ya mkunjo wa kinena, pale paja linapoanzia, huenda ni ngiri ya paja, na hiyo hunasa utumbo kirahisi. Usikubali kuwekwa kwenye foleni ya kawaida kabla daktari wa upasuaji hajakupima na kuandika ni ngiri ya aina gani.

Sasa hesabu. Nitahesabu kwa siku za ujira, maana kila mtu anajua siku yake ina thamani gani. Tuchukue mbeba mizigo wa kubuni. Binafsi wamemwambia siku 90 za ujira. Akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: hiyo imejumuisha nini? Kumbe haina malipo ya daktari wa usingizi, haina wavu wa kushikiza msuli, haina vipimo vya damu, na akilala usiku mmoja ni bili nyingine. Jumla ikawa 115. Umma ni siku 15, na siku nyingine 4 atazipoteza kwa safari za kliniki. Jumla 19.

Tofauti ni siku 96, na foleni ni miezi mitano. Gawanya: ni kama siku 19 kwa mwezi. Ngiri ikimlaza nyumbani siku 6 kwa mwezi, kungoja kunamgharimu siku 30, na umma bado ni nafuu kwa mbali. Ikiwa hawezi kunyanyua gunia hata moja, anapoteza siku 26 kila mwezi, na hapo ile bei kubwa ndiyo rahisi. Wiki za kupumzika baada ya kushonwa sikuziweka, kwa kuwa ni zilezile popote. Akikopa, riba iingie upande wa binafsi. Hapa ndipo nimeona watu wakijidanganya.

Hiyo miezi mitano nayo si ahadi. Orodha yangu ya Alhamisi ilikuwa na watu sita. Saa mbili asubuhi analetwa mama wa kupasuliwa kwa dharura, saa nne majeruhi wa ajali. Ngiri iliyokuwa ya tano, mwenyewe kafunga kula tangu usiku, saa tisa naenda kumwambia arudi nyumbani. Sikuipenda kazi hiyo hata siku moja. Kwa hiyo ukipewa tarehe usiulize tu ni lini, uliza wanaahirisha mara ngapi na wewe ni wa ngapi siku hiyo.

Mzee pale nyuma ameuliza: akiahirishwa mara mbili afanye nini? Mzee wangu, mwambie muuguzi anayepanga orodha kwamba uko tayari kuitwa kwa taarifa ya siku moja. Kila wiki kuna mtu hatokei, au anakuja na presha iko juu anarudishwa, na mimi nilikuwa namtafuta aliye karibu, mwenye simu inayopokelewa na vipimo ambavyo havijapitwa na wakati. Wengi waliingia thieta kwa njia hiyo wiki nyingi kabla ya zamu yao.

Ila kivimbe kikigoma kurudi, kikawa kigumu, kinauma sana, na ukaanza kutapika, achana na hesabu zote hizi. Usikisukume kwa nguvu, usile kitu. Nenda usiku huohuo hospitali iliyo karibu yenye daktari wa upasuaji, iwe ya nani iwe ya nani, kwa sababu utumbo ulionyongwa huanza kufa ndani ya saa chache.