Usiombe Msamaha wa Kosa Lisilo Lako: Namna ya Kudai Benki Ifute Tozo

Mabibi na mabwana, nafurahi kuona wengi mmekuja na taarifa zenu za akaunti. Zifungueni, maana tutazisoma mstari kwa mstari.

Nitaanza na neno ambalo nimelipigia kelele kila nilipoitwa kuzungumza katika mji huu, nalo ni "kusamehewa". Mfumo wa benki umekosea, pesa zako zimechelewa kuonekana, umetozwa faini, nawe unaingia tawini na kuandika: "Naomba mnisamehe faini hii." Kwa sentensi hiyo moja umekiri kosa, kwa sababu anayesamehewa ni aliyekosa. Ndani ya benki zetu za Kenya, kusamehe na kubatilisha ni njia mbili zisizokutana. Kusamehe maana yake faini ilikuwa halali ila benki imekuhurumia, hivyo rekodi ya kuchelewa kwako inabaki vilevile. Kubatilisha maana yake muamala haukupaswa kuwepo, na kila kilichozaliwa nao kinaondolewa pamoja nao.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, haya ni maneno tu, mimi nataka pesa zangu." Basi tuchukue mfano, muone maneno hayo yana thamani gani kwa shilingi.

Mteja ana mkopo ambao rejesho lake ni shilingi 24,500, linalokatwa kila tarehe 5. Katika akaunti ana shilingi 310. Ijumaa tarehe 4 jioni analipa 24,500 kwa M-Pesa kupitia nambari ya paybill ya benki, na nambari ya akaunti ameiandika sawasawa. Ujumbe wa M-Pesa unaingia kwenye simu. Kwake yeye kazi imekwisha.

Wikendi hiyo benki inahamisha mfumo wake mkuu. Mlango unaopokea pesa za simu uko wazi, lakini daftari la akaunti za wateja limefungwa kwa muda. Pesa zikifika zinakosa pa kuingia, kwa hiyo zinawekwa katika akaunti ya kusubiria, ile ambayo wafanyakazi wa benki huiita saspensi, mpaka mtu azilinganishe na jina la mwenyewe. Za mteja wetu zinakaa huko hadi tarehe 8.

Tarehe 5 mfumo unaamka na kuanza kazi zake za kila siku. Unatafuta 24,500 na kukuta 310. Hakuna mtu aliyeketi kumwadhibu huyu mteja. Mashine imefuata kanuni zake bila kujua kwamba pesa ziko katika droo ya pili ya benki ileile. Inakata shilingi 1,000 kwa malipo yaliyokwama, na juu yake ushuru wa asilimia 20, yaani 200. Akaunti inazama chini ya sifuri kwa 890. Mkataba wa mkopo huu unasema pia kwamba rejesho likichelewa kuna adhabu ya asilimia 5, na hiyo ni shilingi 1,225.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Tarehe 8 zile 24,500 zinaingia. Mteja anadhani rejesho limelipwa, lakini mifumo mingi hukata tozo na adhabu kwanza, rejesho baadaye. Inaziba lile shimo la 890, zinabaki 23,610. Inachukua adhabu ya 1,225, zinabaki 22,385. Hizo ndizo zinazokwenda kwenye rejesho la 24,500. Kwa hiyo huyu mtu aliyelipa siku moja kabla ya wakati sasa ana deni la rejesho la shilingi 2,115.

Mwezi wa pili analipa tena 24,500, kwa wakati, na safari hii hakuna hitilafu yoyote. Mfumo unachukua zile 2,115 za nyuma na asilimia 5 yake, shilingi 105.75. Zinabaki 22,279.25, ambazo hazitoshi rejesho la mwezi huu. Zile 1,200 za malipo yaliyokwama zinakatwa upya. Upungufu umefika 3,420.75. Hitilafu ya mfumo ilikwisha mwezi uliopita, ila watoto wake bado wanazaliwa.

Haya, mteja huyu anakwenda tawini kuomba asamehewe adhabu ya 1,225. Afisa ni mtu mwema, anamrudishia siku hiyohiyo. Mteja anashukuru na kutoka. Amepata nini? Zile 1,000 mbili, pamoja na ushuru wake, zimebaki. Zile 105.75 zimebaki. Rejesho bado lina upungufu, kwa hiyo tarehe 5 inayokuja mashine itakata tena. Na siku za kuchelewa bado zinahesabiwa.

Kwa nini afisa alikimbilia kusamehe? Si uovu. Kwa kawaida meneja wa tawi ana kiwango cha pesa anachoweza kusamehe kwa saini yake mwenyewe, hivyo humaliza hapo hapo. Kubatilisha kunahitaji idara ya uendeshaji iende ikatazame akaunti ya kusubiria, ithibitishe pesa zilifika lini, na wakati mwingine watu wa mitambo watoe maelezo. Ni kazi ya siku kadhaa, nayo inailazimu benki kuandika kwamba kosa lilikuwa lake. Usipotaja kubatilisha kwa jina, hutapewa.

Kwa hiyo barua yako idai mambo mawili, na la kwanza ndilo shina. Dai malipo ya tarehe 4 yaingizwe upya kwa tarehe ya thamani ya tarehe 4. Tarehe ya thamani ni siku ambayo benki inahesabu kwamba pesa zilianza kuwa zako katika akaunti. Taarifa nyingi huionyesha katika safu yake, kando ya tarehe ya muamala. Tazama safu hizo mbili. Ikiwa ujumbe wa M-Pesa unasema tarehe 4 na safu ya thamani inasema tarehe 8, umeshalipata kosa, na umelipata katika karatasi ya benki yenyewe. Tarehe hiyo ikirudishwa nyuma, rejesho linaonekana lililipwa kwa wakati na adhabu inakosa msingi. Wakikuwekea tu pesa zenye tarehe ya leo, siku zote za katikati zinabaki kuwa siku ulizochelewa.

La pili, dai kila mstari uliozaliwa na kosa ufutwe, nawe uuorodheshe mwenyewe: tarehe, maelezo kama yalivyoandikwa, na kiasi. Usiandike "tozo zote". Katika mfano wetu ni 1,000 na ushuru 200, adhabu 1,225, kisha 105.75, kisha 1,000 na 200 za mwezi wa pili. Jumla ni shilingi 3,730.75. Ushuru uandike peke yake, kwa sababu umekatwa juu ya tozo, na tozo ikifutwa ushuru hauna pa kusimama. Ni mstari mdogo ambao husahaulika mara nyingi sana.

Sentensi yenyewe iwe fupi hivi: "Tarehe 4 nililipa shilingi 24,500, nambari ya muamala ni hii, nazo ziliingizwa katika akaunti yangu tarehe 8. Nadai ziingizwe kwa tarehe ya thamani ya tarehe 4, mistari sita iliyoorodheshwa hapa chini ibatilishwe, na rekodi ya kuchelewa kwa mkopo wangu isahihishwe. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 7 za kazi." Kiswahili au Kiingereza, andika lugha unayoweza kuitetea mtu akikuuliza swali. Ambatisha taarifa ya M-Pesa, si picha ya ujumbe peke yake, pamoja na taarifa ya benki kuanzia mwezi kabla ya kosa. Ikiwa benki ilituma ujumbe wa kutangaza matengenezo ya mfumo, usiufute, huo ni shahidi wako. Peleka nakala mbili na urudi na moja yenye muhuri na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, dai nambari ya lalamiko.

Lakini kabla ya kuandika "nadai", jichunguze. Je, nambari ya akaunti uliiandika vizuri? Ulilipa kabla ya saa ya mwisho ambayo benki imeweka kwa siku ile? Ukikuta ulikosea tarakimu moja na pesa zikakaa saspensi kwa sababu hiyo, kosa ni lako, na hapo ndipo neno msamaha linafaa. Omba kwa heshima, na huenda ukapewa. Usidai kubatilishiwa ukijua hali ni hiyo, maana wakiona ile tarakimu hata hoja zako za haki zitatiliwa shaka.

Kuhusu ile rekodi ya kuchelewa nitasema haraka. Kwa kanuni za Benki Kuu, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 huanza kuangaliwa kwa makini, na ukipita siku 90 unahesabiwa kuwa mkopo usiolipika. Taarifa hizo huenda kwa kampuni za taarifa za mikopo, zikiwemo hapa kwetu Metropol, TransUnion na Creditinfo. Upungufu mdogo usiozibwa unaweza kukufikisha huko. Kila mwaka una haki ya ripoti moja bila malipo. Ichukue baada ya benki kusema imesahihisha, si kabla, uone kama masahihisho yamefika. Yasipofika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai taarifa za uongo kukuhusu zirekebishwe.

Benki ikinyamaza, peleka faili lilelile Benki Kuu, pale Haile Selassie Avenue jijini Nairobi, pamoja na nakala yenye muhuri kuonyesha ulianza kwa benki. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoanza Milimani mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Na mnapongoja jibu, endeleeni kulipa. Usizuie rejesho ili kuiadhibu benki, kwa sababu siku hizo za kuchelewa zitakuwa zako kweli. Ukiweza, ongeza kiasi cha upungufu na uandike kwamba umelipa huku ukipinga, ili mashine isipate sababu ya kukata tena tarehe 5. Mwenye taarifa ya akaunti aje hapa mbele, tuanze na safu ya tarehe ya thamani.