Vyeti vyako orijino vinafanya nini kwenye kabati la bosi?

Haya, hili nimeshalisema sana na nitalisema tena, maana kila nikimaliza kuongea kuna mtu ananifuata pembeni ananiambia mwalimu, na mimi vyangu viko kazini.

Kuna binti mmoja mhasibu, siku ya kwanza kazini akaambiwa alete vyeti orijino vihakikiwe. Sawa, kuhakiki ni haki ya mwajiri, hapo sibishi. Anaviangalia, anatoa kopi, anaandikia chuo kuuliza kama kweli ulisoma, basi, anakurudishia. Vya yule binti havikurudi. Miezi minane baadaye kaitwa intavyuu kwingine, anaomba vyeti anaambiwa amalize kwanza mkataba wa miaka 2, vile ni dhamana. Intavyuu ikapita hivyo hivyo.

Sasa dhamana ni nini jamani? Ni kitu ambacho ukishindwa kulipa, anayekudai anakiuza anapata hela yake. Cheti chenye jina lako nani atakinunua? Hakilipi hata senti ya hasara ya bosi. Kazi yake moja tu, wewe usiondoke! Ndo maana Shirika la Kazi Duniani, kwenye viashiria vyake 11 vya kazi ya kulazimishwa, limeweka kushikilia vitambulisho na mali nyingine muhimu za mfanyakazi. Kipimo chao ni chepesi: ukivitaka unapewa? Na unaogopa kuacha kazi kwa sababu utavipoteza? Sheria ya mikataba ya kazi ya China, kifungu cha 9, imekataza wazi mwajiri kushika kitambulisho au vyeti vingine vya mfanyakazi, na imekataza kumdai dhamana.

Mtaniambia, lakini nilisaini mwenyewe. Ulisaini ukiwa unatafuta kazi, ungekataa ungeipata? Mwingine atasema kampuni imemsomesha, akikimbia je? Basi waandikiane makubaliano ya gharama ya mafunzo, deni lipungue kadiri anavyofanya kazi, akiondoka mapema wamdai au wampeleke mahakamani kama deni lingine lolote. Cheti hakihusiki, alikuja nacho kabla hawajamsomesha.

Yule binti hakugombana wala hakwenda kuvunja kabati. Aliandika barua, akataja kila cheti na namba yake, tarehe aliyokabidhi na nani alipokea, akaomba virudi ndani ya siku 7, nakala akapeleka ofisi ya kazi, na yake akagongewa muhuri wa kupokelewa. Siku ya tano akaitwa kuchukua. Shida ilikuwa kuthibitisha kwamba walivipokea, maana hakupewa risiti, bahati aliyevipokea alishamwandikia meseji. Kwa hiyo ukiacha cheti hata kwa siku moja, dai karatasi iliyosainiwa inayosema ni cha uhakiki na kitarudi lini.

Ya pasipoti nilitaka niyaguse ila naona naoneshwa saa, anayeshikiliwa pasipoti anifuate hapo nje sasa hivi.