Nyumbu wa Serengeti, watu wa Kenya, na mchoro mmoja wa ubaoni

Haya jamani tukae, naanza na mchoro, mnaoandika chukueni peni. Mstari wa chini ni miaka, wa kusimama ni idadi.

```
nyumbu
K |- - - - - - - - - - - - - -
  |                 .  '  '
  |              .
  |            .   <- nusu ya K
  |          .
  |       .
  |  . '
  |____________________ miaka
    1961          1977
```

Huu ni mchoro wa nyumbu wa Serengeti. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000 hivi, kumbe walikuwa wamebanwa na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioingia huku kwetu miaka ya 1890. Ng'ombe wa pembeni mwa hifadhi wakachanjwa, sotoka ikakatika kwa nyumbu miaka ya mwanzo ya 60, ndama waliokuwa wanakufa wakaanza kukua, na kufika 1977 nyumbu wako kama milioni 1.3. Halafu wakatulia hapo, mstari ukalala. Hicho kimo ulipolalia ndo tunakiita K, yaani uwezo wa eneo kuhimili.

Sasa nani kaulaza? Sio simba, wengi wanadhani simba. Ni majani ya kiangazi. Mvua ikikata, majani yaliyobaki yanagawanywa kwa midomo yote, nyumbu wakiwa wengi kila mmoja anapata kidogo, anakonda, anakufa kabla mvua haijarudi. Ndo maana ukame wa 1993 uliwashusha mpaka chini ya milioni moja, kwa hiyo K sio ukuta wa saruji, mvua ikipungua nayo inashuka.

Hesabu yake ni hii:

```
dN/dt = r * N * (1 - N/K)
```

dN/dt ni nyongeza ya nyumbu kwa mwaka, N ni idadi iliyopo, r ni kasi ya kuongezeka kama chakula ni bwerere. Tuseme r ni 0.2, nachagua mimi ili tupige hesabu, na K ni 1,300,000. Wakiwa 250,000 wanaongezeka kama 40,000 kwa mwaka. Wakifika 650,000, nusu kamili ya K, wanaongezeka 65,000, hapo ndo mstari unapanda kwa kasi kuliko popote. Wakiwa 1,200,000 nyongeza ni kama 18,000 tu, ingawa mama ni wengi kuliko mwanzo, kwa sababu ile mabano imebaki na nafasi ndogo sana.

Sasa tuje kwa watu, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo watu wanapokosea, wanachukua mchoro wa nyumbu wanaubandika kwa binadamu. Chukua Kenya. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9, ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Ukichora utaona inapanda tu, utasema hawa wanaelekea kwenye K yao, njaa itawakata kama nyumbu. Lakini angalia kilichobadilika ndani: mwishoni mwa miaka ya 70 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto 8 hivi, mwaka 2022 ni 3.4. Kwa nyumbu mstari unalazwa na vifo, kwa watu vifo vinashuka kwanza, chanjo, maji safi, zahanati, halafu vizazi vinafuata kushuka baadaye, mama akishaona watoto wanapona, mabinti wanakaa shule, na dawa za uzazi wa mpango zinapatikana. Ule muda wa katikati, vifo vimeshashuka vizazi bado viko juu, ndo watu wanajaa. Safari hiyo nzima ndo mpito wa idadi ya watu.

Na haijiendeshi yenyewe. Kati ya 1998 na 2003 matumizi ya uzazi wa mpango Kenya yalikwama kwenye asilimia 39, na wastani wa watoto ukatoka 4.7 ukapanda mpaka 4.9. Mimi hiyo miaka mitano naionyesha kila nikifundisha.

Kuna dada pale nyuma kauliza, sasa kama wanazaa wachache mbona bado wanaongezeka? Swali zuri sana. Chukua mama 100 wa zamani, kila mmoja watoto 8, ni watoto 800. Nusu ni mabinti, 400. Hao mabinti wakizaa 3.4 kila mmoja unapata watoto 1,360. Umeona? Kila mama kazaa chini ya nusu ya mama yake, na bado wodi ya wazazi imejaa kuliko zamani, kwa sababu mama wenyewe wameshazaliwa tayari. Wale 1,360 nao mabinti zao ni 680, hata wakizaa wawili wawili ni watoto 1,360 tena, ndo kwanza idadi ya wanaozaliwa inatulia, wakati bibi zao bado wako hai.